Badilisha washa, lakini kwanza tazama kiti chake

*"Fundi, mfereji wa sinki la jikoni unatona usiku kucha hata nikiukaza kwa nguvu zangu zote. Naishi nyumba ya kupanga huku Kasarani, orofa ya chini. Mwezi uliopita fundi aliweka washa mpya, ukatulia wiki tatu kisha ukaanza tena. Sasa naambiwa ninunue mfereji mzima. Je, naweza kuurekebisha mwenyewe, na nitahitaji vifaa gani?"* — Mpangaji, Kasarani

Unaweza, dada, na kwa haya uliyoyaeleza sioni sababu ya kununua mfereji mzima kabla huu wa sasa haujafunguliwa ukatazamwa vizuri ndani. Kilichonishtua ni hizo wiki tatu. Washa nzuri ya mpira ikikalia mahali laini hudumu miaka. Ikiharibika kwa wiki tatu basi haikuzeeka, kuna kitu kinachoila. Aliyekuja mwezi uliopita alibadilisha kilicholiwa, akaacha kinachokula.

Hebu tuingie ndani ya mfereji kwanza, ndipo hatua zenyewe zitakuwa rahisi. Katikati ya mwili wa mfereji kuna tundu ambalo maji hupandia. Ukingo wa tundu hilo umeinuka kidogo kama mdomo wa kikombe, na huo ndio mafundi tunauita kiti. Juu ya kiti hukaa kisahani kidogo cha shaba chenye kijiti mgongoni, jina lake jampa, na chini ya kisahani hicho ndipo washa ilipofungwa. Ukizungusha mkono wa mfereji kufunga maji, fimbo ya ndani iitwayo spindo hushuka, ikaisukuma jampa, na washa ikabanwa juu ya kiti. Kwa hiyo chuma hakizuii maji hapo. Kinachoyazuia ni mpira uliobanwa sawasawa kuzunguka mduara mzima wa kiti. Mahali pamoja tu pakiachwa wazi, hata kwa upana wa unywele, maji hupenya.

Kupenya kwenyewe kuna madhara. Maji yanayojipenyeza kwenye upenyo mwembamba huenda kwa kasi, na maji yetu hubeba chembe za mchanga na kutu. Chembe hizo husugua shaba pale pale usiku na mchana. Baada ya miezi kadhaa kiti huwa kimepata mfereo mdogo, mithili ya alama ya ukucha. Ukiweka washa mpya juu ya mfereo huo, mpira ambao bado ni laini hujaza lile pengo na mfereji hutulia. Kisha mpira unachukua umbo, unagandamana, makali ya mfereo yanaanza kuukata, na tone la kwanza linarudi. Hapo ndipo zilipotoka wiki zako tatu.

Nguvu zako zote nazo zimo katika hesabu hii. Najua kwa nini unakaza, maana saa nane za usiku kila tone linalogonga sinki ni kama nyundo kichwani. Lakini kila unapokaza kupita kiasi unaukandamiza mpira juu ya ukingo wa kiti mpaka unachorwa duara, halafu unachanika kwenye duara hilo. Funga mpaka maji yakome, na mkono wako uishie hapo.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mfereji wako ni wa washa kweli. Uzungushe. Kama unahitaji kuzungushwa mara mbili au tatu ndipo ufunguke wote, na mwisho wa kufunga unasikia ulaini kama unakandamiza kitu cha mpira, basi una washa ndani. Kama unafunguka na kufungika kwa robo ya mzunguko tu, au una wenzo mmoja wa kuinua na kushusha, ndani hamna washa ya aina ninayoieleza. Mna katriji yenye visahani vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na dawa yake ni kubadilisha katriji nzima. Kwa kuwa fundi alishakuwekea washa, nadhani wako ni ule wa kawaida unaosimama nyuma ya sinki, wa nusu inchi.

Angalia pia maji yanatokea wapi. Yakitona mdomoni, pale maji yanapotokea siku zote, tatizo ni washa au kiti. Yakichuruzika juu, kuzunguka spindo chini ya mkono, tena wakati mfereji umefunguliwa, washa haina kosa. Hapo ni pakini, yaani uzi uliosokotwa kuzunguka spindo ili kuzuia maji, nami nitaigusa baadaye. Yakitokea chini ya sinki, kwenye maungio, hiyo ni kazi nyingine kabisa na kubadilisha washa hakutasaidia kitu.

Sasa vifaa. Utahitaji spana moja inayopanuka na kubana mdomo, ile mafundi wengi huiita spana malaya, ya inchi 8 au 10. Ukipata mbili ni bora zaidi, na nitakueleza kwa nini. Bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota. Koleo, yaani plaisi. Kitambaa kikuukuu, sufuria au karai, mswaki uliochakaa na tochi ya simu. Hadiwea ununue washa ya mfereji wa nusu inchi, na ukiweza nunua jampa nzima yenye washa yake, kwa maana ile nati ndogo inayoshikilia washa kwenye jampa ya zamani mara nyingi imeganda na kukatika mkononi. Washa yenyewe bei yake haifiki ya mkate. Ongeza tepu nyeupe ya mafundi wa mifereji, ile nyembamba ya kuzungushia nyuzi za paipu. Vitu vya kuazima, kama spana, keateka wa jengo huwa navyo.

Kuna jambo moja la kuangalia dukani. Washa ya nusu inchi haina upana wa nusu inchi. Hiyo nusu inchi ni kipimo cha paipu inayoingia kwenye mfereji. Washa yenyewe ina upana wa takriban milimita 19. Watu wengi hupima washa kwa rula, wakaagiza ya robo tatu, wakaletewa ya mfereji mkubwa wa bafu isiyoingia. Njia ya uhakika ni kufungua kwanza, ukaenda na washa ya zamani mkononi. Kama duka liko mbali na hutaki kufunga maji mara mbili, nunua pakiti iliyochanganywa saizi.

Kufunga maji ndiko kunakowaponza wengi wanaojaribu wenyewe katika majengo yetu. Tazama chini ya sinki kwanza; huenda kuna vali ndogo ya pembeni kwenye paipu inayopanda kwenye mfereji. Ikiwepo na ikafunga vizuri, una bahati. Isipokuwepo, tafuta koki ya nyumba yako, mara nyingi juu ya mlango wa bafu, kwenye korido, au nje karibu na mita. Katika majengo mengine hakuna koki ya kila nyumba na itabidi keateka afunge paipu inayoshuka kutoka tangi la paani. Hapo zungumza naye mapema, mkubaliane saa ambayo majirani hawapiki wala kuoga. Saa nne asubuhi siku ya kazi hufaa. Usisubiri siku ya mgao ambayo mji hauna maji ukidhani umenusurika, kwa sababu tangi la paani bado lina maji na paipu bado imejaa.

Koki ya zamani ikikataa kuzunguka, usiing'ang'anize kwa spana. Nimeona shingo ya koki ikikatika na nyumba ikageuka bwawa. Izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma, mara kadhaa, mpaka ilegee. Ikiwa inafunga lakini inaacha maji membamba kama uzi, bado unaweza kufanya kazi. Weka sufuria na fanya haraka.

Ukishafunga, fungua mfereji unaotaka kuutengeneza mpaka maji yaishe, kisha fungua na wa bafuni ili paipu imwage kilichobaki. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa. Skrubu ndogo ya mfereji ikitumbukia kwenye bomba la maji machafu, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima.

Anza na mkono wa mfereji. Juu yake kuna kifuniko kidogo, mara nyingi cha buluu au chekundu. Kibanjue taratibu kwa ncha ya bisibisi bapa, utakuta skrubu chini yake. Ifungue, kisha uvute mkono juu. Ukikwama usiugonge kwa nyundo. Mwagia maji moto kidogo, subiri, uutikise kushoto na kulia huku ukivuta. Chini ya mkono pengine kuna kofia ya kromu iliyofunika kichwa cha mfereji. Ifungue kwa mkono, au kwa spana ukiwa umeifunga kitambaa ili isichubuke. Kila unachotoa kiweke kwenye kitambaa kwa mpangilio uliokitoa, kuanzia kushoto, na ukipenda kipige picha.

Sasa umefika kwenye kichwa chenyewe, ile sehemu ya shaba yenye pembe sita. Kabla ya kuweka spana, zungusha spindo ili mfereji uwe nusu wazi. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii. Mfereji ukiwa umefungwa, jampa inakuwa imekandamizwa kwenye kiti, na unapofungua kichwa unakuwa unapambana na mkandamizo huo. Nyuzi za shaba zinaweza kulika. Jambo la pili ni kuushika mwili wa mfereji usizunguke. Hapo ndipo spana ya pili inapokuja, au mkono wa mtu mwenye nguvu. Ukiuacha mwili ugeuke, utapinda paipu iliyo chini ya sinki, au ufungue nati inayoushikilia, na hapo utakuwa umejiongezea uvujaji wa pili. Spana moja inashika mwili, nyingine inafungua kichwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Kikigoma, vuta kwa nguvu ya polepole inayoongezeka, si kwa kushtukiza.

Kichwa kikitoka, jampa itatoka nacho au itabaki imekaa ndani ya mwili. Itoe kwa koleo. Sasa tulia kidogo, uisome washa hiyo kwenye mwanga kabla ya kuitupa.

Ikiwa na duara lililozama katikati, sawasawa pande zote, inakuambia ilikazwa mno. Ikiwa imekatwa upande mmoja tu, kama imepigwa wembe, hapo kuna mfereo kwenye kiti, tena upande huo huo. Ikiwa ngumu na inapasuka ukiikunja, imezeeka tu. Ikiwa na chembe nyeusi au za kahawia zilizojichimbia kwenye mpira, mchanga na kutu ndivyo vilivyokuwa vikiila. Kwa maelezo yako, mimi natarajia ya pili.

Kisha tazama kiti. Washa tochi ya simu, chungulia ndani ya mwili wa mfereji. Kisafishe kwanza kwa mswaki na kitambaa, maana kutu na utando vinaweza kukudanganya. Sasa ingiza kidole kidogo, upitishe ncha yake polepole kuzunguka ukingo. Ukingo mzuri ni laini mzunguko mzima, kama ukingo wa bilauri. Ukisikia ukucha unakwama mahali, au panakwaruza, umempata adui. Kidole kisipofika, tumia kijiti cha kusafishia masikio chenye pamba: pamba ikinaswa na kunyofoka, pale pana kasoro.

Nikupe kisa kimoja kilichonifundisha kutofunga mfereji bila kupitisha kidole hapo. Niliitwa nyumba moja Umoja, orofa ya chini kama wewe, katika jengo la orofa tano lenye tangi paani. Mama wa nyumba hiyo alikuwa amewekewa washa mara nne ndani ya mwaka mmoja, na mafundi tofauti. Alikuwa ameweka chupa ya soda ya nusu lita chini ya mfereji, akaniambia hujaa kwa dakika arobaini. Tulipiga hesabu pamoja pale mezani. Nusu lita kwa dakika arobaini ni robo tatu ya lita kwa saa, lita 18 kwa siku, lita 540 kwa mwezi wa siku thelathini. Hiyo ni mitungi 27 ya lita 20, katika mtaa ambao watu hununua maji kwa mtungi mgao unapobana.

Washa niliyoitoa ilikuwa imekatwa mahali pamoja. Nilipoingiza kidole, nilisikia kwenye kiti mfereo ambao ungetosha kulaza unywele wa farasi. Nilikuwa na kinoo cha viti, kifaa chenye nyuzi kinachofungwa kwenye mwili wa mfereji mahali pa kichwa, na chini yake kina meno bapa ya kukwangua. Nilikizungusha taratibu upande wa mishale ya saa, mizunguko sita hivi bila kukandamiza sana, nikatoa na kutazama, nikaongeza miwili. Ukingo ukawa unang'aa mzunguko mzima. Nikafungulia maji kidogo yasukume vumbi la shaba nje, nikaweka jampa mpya na washa. Niliporudi jengo lile baada ya zaidi ya mwaka kwa kazi ya choo, mama yule alinipitisha jikoni kunionyesha sinki kavu.

Orofa ya chini nayo ina jambo lake. Maji yaliyo juu hukandamiza yaliyo chini, na kila mita 10 za kimo huongeza takriban bari moja ya shinikizo. Tangi likiwa juu ya orofa tano, jikoni pako panaweza kuwa na mita 15 za maji juu ya kichwa, bari moja na nusu, ilhali jirani wa orofa ya juu kabisa ana mita mbili au tatu tu. Mfereji wake wenye kasoro ile ile unaweza kukaa kimya, wako ukatona. Na iwapo nyumba yako inapata maji moja kwa moja kutoka paipu ya mji, shinikizo hupanda usiku watu wanapolala, ndiyo maana unaamshwa na matone ambayo mchana huyasikii.

Basi, ukikuta kiti kina kasoro, una njia tatu. Ya kwanza ni kinoo hicho. Hadiwea kubwa huviuza na mafundi wengi wa mifereji wanacho, kwa hiyo unaweza kumwita fundi ukamwambia wazi, "Nataka uninolee kiti," na ukalipia kazi hiyo tu. Ya pili ni kiti cha plastiki kinachobandikwa juu ya kile cha zamani, kinachouzwa pamoja na washa yake. Hufaa pale shaba imelika kidogo, na ukikandamize kikae sawa. Ya tatu, kwa kiti chenye ukoko au mikwaruzo midogo tu, ni msasa laini wa namba 400 uliogundishwa kwenye mwisho bapa wa kijiti cha mviringo kinachoingia vizuri ndani ya mfereji. Zungusha huku kijiti kimesimama wima. Kijiti kikilala upande, utakinoa kiti mshazari na kukiharibu zaidi. Kiti kikiwa kimelika sana hata kimepungua upande mmoja, au mwili wa mfereji una ufa, hapo ndipo mimi mwenyewe ningekuambia ununue mfereji mpya.

Kiti kikiwa safi, kazi iliyobaki ni nyepesi. Ukitumia jampa ya zamani, shika kisahani kwa koleo, fungua nati ndogo, toa washa, safisha kisahani, weka mpya ikae bapa, rudisha nati. Usiikaze mpaka washa ivimbe na kujikunja kama kofia. Ikijikunja haitabana sawasawa. Washa ikiwa kubwa kupita kisahani, itasugua ukuta wa ndani na kushikwa. Usipake mafuta ya kujipaka wala grisi ya gari kwenye mpira, kwani mafuta ya petroli huulainisha na kuuvimbisha. Grisi ya silikoni kidogo kwenye nyuzi za spindo inafaa, na ukiikosa acha bila kitu.

Mtu huuliza kuhusu washa ya kukata kutoka patipati au mpira wa ndani wa tairi. Mpira wa tairi ni mwembamba na laini mno, hunyonywa kwenye tundu. Wa patipati unaweza kukuvusha usiku mmoja au mawili ukiukata mviringo kamili na kuutoboa katikati, zaidi ya hapo husagika na vipande vyake hukwama mdomoni mwa mfereji. Kama duka limefungwa, afadhali ugeuze washa ya zamani, upande mzima uelekee kiti. Hilo nalo ni la usiku mmoja.

Rudisha kichwa huku spindo bado iko nusu wazi. Hakikisha ile ringi nyembamba iliyo kati ya kichwa na mwili ipo na haijachanika. Mafundi wengi huiangusha bila kujua, kisha maji yanatoka ubavuni. Anza kukifunga kichwa kwa vidole mpaka mwisho, ili uhakikishe nyuzi zimeingiana vizuri. Kikigoma mapema, kimepanda mshazari. Kitoe uanze upya. Kikikaa, kaza kwa spana karibu robo ya mzunguko, huku mwili umeshikwa. Rudisha kofia na mkono, lakini kifuniko na skrubu viache kwanza mpaka ujaribu.

Kufungulia maji pia kuna namna yake. Acha mfereji wazi, kisha ufungue koki kidogo kidogo. Utasikia hewa ikikoroma, maji yatatoka ya kahawia, yataruka ruka. Yaache yaende mpaka yawe meupe, uyakinge kwenye ndoo ya kusafishia choo. Ukiufunga mfereji maji yakiwa bado machafu, utakuwa umebandika mchanga kati ya washa mpya na kiti kipya, na kazi yote imeingia doa. Kisha funga kwa upole mpaka maji yakome. Matone machache ya kwanza ni maji yaliyobaki kwenye shingo ya mfereji. Subiri dakika tano, ufute mdomo, uweke kipande cha tishu chini yake. Tishu ikibaki kavu baada ya robo saa, weka skrubu na kifuniko.

Ikiwa mdomo ni mkavu lakini maji yanatokea kwenye spindo mfereji unapofunguliwa, geuza ile nati ndogo ya juu ya kichwa kidogo sana upande wa mishale ya saa. Mfereji ukianza kuwa mzito kuzungusha, umepita. Isiposaidia, funga maji tena, fungua nati hiyo, sokota tepu nyeupe iwe kama uzi, uizungushe kwenye spindo kufuata mishale ya saa mara tatu au nne, uisukumie chini kwa ncha ya bisibisi, ufunge nati. Mifereji mingine badala ya pakini ina oringi ya mpira; hiyo hubadilishwa kwa nyingine ya ukubwa ule ule.

Kuhusu mchanga. Maji mengi ya Nairobi hutoka mbali, kwenye mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, nayo hufika kwetu kwa zamu. Paipu zikikaa tupu siku mbili tatu, kutu ya ndani ya paipu za chuma hukauka na kubanduka. Maji yanaporudi hubeba yote hayo kwa mkupuo. Siku ya mgao kurudi, usifungue kwanza mfereji uliourekebisha. Fungua wa nje au wa bafuni, uache maji yapige dakika mbili tatu mpaka yasafike, ndipo uende jikoni. Na mji ukikauka, usiuache mfereji wazi ukisubiri maji. Chembe za kwanza zitapita juu ya kiti chako, nawe ukija kuufunga usiku utazisagia ndani ya mpira.

Kwa kuwa nyumba ni ya kupanga, mwonyeshe keateka ile washa iliyokatwa na umweleze kuhusu kiti. Mfereji ni mali ya mwenye nyumba, na mara nyingi gharama ya kukinoa kiti ni yake. Ni rahisi akubali akiona ushahidi mkononi kuliko akisikia tu kwamba unatona. Usiku wa kwanza baada ya kazi, weka chupa ya nusu lita chini ya mdomo kabla ya kulala. Asubuhi ikiwa na maji, hata kijiko kimoja, fungua tena upitishe kidole kwenye kiti, kwa sababu kuna mahali pamoja ulipapita bila kupasikia.